USSD kwenye simu ya batani au aplikesheni ya banki: namna ya kulinda pesa zako Lubumbashi

Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, anauza samaki kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi. Jumamosi moja, kama saa kumi na mbili jioni, alinyang'anywa mkoba wakati anapanda taksi-basi kurudi Katuba. Ndani mlikuwa na simu yake ya batani, kadi yake ya uchaguzi na faranga kidogo za mauzo ya siku. Alichosikitikia ni kadi, maana ndiyo kitambulisho chake pekee. Simu hakuijali. Nilipomwambia tukaifungishe laini usiku uleule, alinijibu: «Simu ile haina intaneti, haina aplikesheni ya banki. Watachukua nini humo?»

Jumatatu asubuhi alikwenda banki akakuta dola 410 zimetoka: 60 zilizokuwa kwenye akaunti yake ya simu, na 350 za akaunti ya banki.

Nina kabini ya kutuma na kutoa pesa, na kila siku nasikia watu wakiulizana kipi ni salama zaidi, kubonyeza menyu kwenye simu ya batani au kuweka aplikesheni kwenye simu ya androidi. Jibu linategemea unaogopa mwizi wa aina gani, na pia unafanya nini na kadi ya laini, kwa sababu njia zote mbili zimeshikiliwa na kile kipande kidogo cha plastiki. Nitaeleza kwanza namna kila njia inavyofanya kazi, kisha nirudi kwa yaya, kisha hatua zenyewe.

Ukibonyeza *1122#, nini kinatokea?

Watu wa Vodacom hubonyeza *1122# kwa M-Pesa, wa Airtel *501#, wa Orange *144#. Banki nyingi nazo zina namba yao ya aina hiyo, imeandikwa kwenye karatasi unayopewa ukifungua akaunti. Njia hiyo ndiyo inaitwa USSD. Haihitaji intaneti wala mega. Inapita kwenye mawimbi yaleyale ambayo simu hutumia kuongea na antena, na kila ukurasa unaouona una nafasi ya herufi zisizozidi 182. Ndiyo maana menyu zina maneno ya kukatwa-katwa.

Kitu cha kuelewa ni safari ya namba yako ya siri. Unapoiandika, inaonekana wazi kwenye skrini, tarakimu baada ya tarakimu, kwa sababu simu nyingi za batani haziwezi kuificha kwa nyota. Ukituma, inakwenda kwenye antena ikiwa imefichwa kwa usimbaji wa mtandao wa 2G. Usimbaji huo ni wa zamani, na tangu mwaka 2009 ilionyeshwa hadharani kwamba unaweza kuvunjwa. Baada ya antena, ndani ya mitambo ya kampuni ya simu, usimbaji huo umekwisha. Kwa hiyo banki yako, ikitumia USSD, inaitegemea kampuni ya simu kama mjumbe anayebeba bahasha iliyo wazi.

Je, uogope kwamba mtu atakaa na mashine karibu na nyumba yako akinasa mawimbi? Mimi siogopi hilo. Mashine kama hiyo inahitaji pesa na ujuzi, na mwizi wa dola 400 ana njia rahisi zaidi. Anaangalia vidole vyako ukiwa kwenye foleni, au anaiba kadi ya laini, au anakupigia simu akijifanya wa kampuni. Ninavyoona mimi kwenye kabini, pesa hupotea kwa njia hizo tatu.

Jambo la pili: kwenye USSD, mtandao unakutambua kwa laini tu. Hautambui simu. Ukitoa kadi ya laini kwenye simu yako ukaiweka kwenye simu ya jirani, akaunti inahama nayo. Kati ya mwizi na pesa zako hubaki tarakimu nne.

Aplikesheni inafanya nini tofauti?

Aplikesheni inapitia intaneti, na mazungumzo kati ya simu yako na banki yanafichwa mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya simu inabeba data lakini haiwezi kusoma kilichomo. Namba ya siri inaonekana kama nukta. Aplikesheni nzuri pia hujifunga kwenye simu moja: ukiiweka kwenye simu nyingine, banki inaomba uthibitisho upya. Kwa hiyo tofauti na USSD, kuiba kadi ya laini peke yake hakutoshi.

Lakini uthibitisho huo upya, mara nyingi, ni ujumbe wenye namba ya tarakimu sita unaotumwa kwa SMS kwenye laini yako. Mwenye laini ndiye anayeipokea. Kwa hiyo aplikesheni nayo, siku ya kuandikishwa, inarudi kuitegemea laini.

Na simu ya androidi inaleta hatari ambazo simu ya batani haina kabisa. Simu ya batani haiwezi kupakua kitu cha uongo kutoka WhatsApp. Haina programu ya kumwezesha mtu aliye mbali kuona skrini yako. Haina picha ya kadi yako ya uchaguzi kwenye galeri, wala mazungumzo ambamo ulimtumia mdogo wako namba ya siri mwaka jana. Simu ya androidi ina yote hayo, na ikiibwa ikiwa wazi mkononi mwako, mwizi anapata kila kitu kwa pamoja.

Dola 410 zilitokaje?

Tulikaa na yaya tukasoma karatasi ya miamala mstari kwa mstari. Mwizi alitoa kadi ya laini akaiweka kwenye simu nyingine, bila kuombwa chochote, kwa sababu laini haikuwa na pini. Alibonyeza menyu. Namba ya siri ya yaya ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa, na mwaka huo ulikuwa umeandikwa kwenye kadi ya uchaguzi, ndani ya mkoba uleule. Tarakimu nne zinaweza kupangwa kwa namna 10,000, na mitambo kwa kawaida hufunga akaunti baada ya kukosea mara 3. Mtu anayebahatisha ovyo ana nafasi 3 katika 10,000. Mtu mwenye kadi ya uchaguzi mkononi anahitaji jaribio moja.

Dola 60 zilitumwa kwa namba nyingine saa moja na robo usiku. Sasa banki. Yaya alikuwa amekubali, miezi mingi nyuma, akaunti yake ya banki iunganishwe na akaunti ya simu ili asipange foleni. Menyu ya banki ilikuwa na namba yake ya siri tofauti, lakini yeye alikuwa ameweka ileile. Mwizi alivuta dola 350 kutoka banki kwenda kwenye simu, kwa vipande vitatu, Jumapili mchana, akazituma mbele.

Kuna jambo lingine tulilojifunza kwenye meza ya banki, na watu wengi wenye simu za batani hawalijui. Banki ile ilikuwa na aplikesheni, na mteja aliweza kujiandikisha mwenyewe kwa namba ya laini, namba ya akaunti na ule ujumbe wa tarakimu sita. Yaya hakuwahi kuitumia, kwa hiyo nafasi hiyo ilikuwa bado wazi kwa jina lake. Mwizi mwenye laini yake na karatasi ya akaunti angeweza kujiandikisha kwenye simu yake ya androidi, na pengine kupata kiwango kikubwa zaidi cha kutoa pesa. Kutotumia aplikesheni hakukuwa kinga yoyote.

Hatua ya kwanza, kwa kila mtu: ujue laini ni ya nani

Laini nyingi zilizonunuliwa barabarani ziliandikishwa kwa jina la muuzaji au la mtu usiyemjua. Maana yake mtu huyo anaweza kwenda kwenye ofisi ya kampuni akaomba kadi mpya ya namba yako, na wewe ukipoteza simu hutaweza kuidai. Nenda kwenye ofisi yenyewe ya kampuni, siyo kabini kama yangu, ukiwa na kadi ya uchaguzi, uulize laini imeandikishwa kwa jina gani. Kama si lako, ibadilishe kabla ya kufanya lolote lingine katika mwongozo huu.

Hatua ya pili: weka pini kwenye kadi ya laini

Nitaita «pini» ile ya kadi ya laini, na «namba ya siri» ile ya akaunti, ili tusichanganye. Pini ya laini inaombwa kila simu inapowashwa, au kadi inapowekwa kwenye simu nyingine. Kama yaya angekuwa nayo, yule mwizi angeishia pale alipotoa kadi. Ni bure, inafanya kazi kwenye simu ya batani na ya androidi, na kati ya watu kumi wanaokuja kwangu sidhani hata mmoja ameiwasha.

Anza kwa kutafuta ile plastiki kubwa ambayo kadi ya laini ilikuwa imebandikwa ulipoinunua. Juu yake kuna pini ya mwanzo na namba ndefu ya tarakimu 8 inayoitwa PUK. Kama umeitupa, uliza ofisini siku ileile unapohakiki jina. Usibahatishe, kwa sababu ukikosea pini mara 3 kadi inajifunga na kudai PUK, na ukikosea PUK mara 10 kadi imekufa, inabidi utengenezewe mpya.

Ukishajua pini ya mwanzo, ingia kwenye mipangilio ya simu. Simu zetu nyingi ziko kwa Kifaransa: tafuta `Paramètres`, kisha `Sécurité`, kisha `Demande du code PIN`, uiwashe. Kwenye androidi, ndani ya `Sécurité`, tafuta `Verrouillage de la carte SIM`. Kisha ubadilishe pini iwe yako mwenyewe. Unaweza kuifanya kwenye menyu, au kwa kubonyeza hivi, ambapo 0000 ni pini ya zamani na 4827 ni mfano wa pini mpya, inayoandikwa mara mbili:

```
**04*0000*4827*4827#
```

Zima simu, iwashe. Ikikuomba pini, umefaulu. Ikifunguka bila kuuliza, kazi haijafanyika, rudi kwenye menyu. Namba ya PUK iandike kwenye karatasi ikae nyumbani, isikae mkobani.

Pini hii ina mpaka wake. Inalinda pale simu inapozimwa au kadi inapotolewa. Simu ikinyakuliwa ikiwa imewaka, laini iko wazi mpaka betri iishe. Kwa hiyo ongeza namba ya kufunga simu yenyewe, hata ile ya batani: kwenye `Sécurité` huwa kuna `Verrouillage du téléphone`. Simu nyingine za bei ndogo sana hazina. Kama yako haina, ujue kwamba saa ya kwanza baada ya kuibwa ndiyo kila kitu.

Ukitumia USSD

Anza menyu kutoka mwanzo, ukurasa kwa ukurasa. Kuna watu wanaojua kuandika safari nzima kwa mstari mmoja, pamoja na kiasi na hata namba ya siri, kisha wanabonyeza kitufe cha kupiga. Wanaona wameokoa muda. Lakini simu inahifadhi mstari ule wote kwenye orodha ya namba zilizopigwa, kama simu nyingine yoyote. Mtoto akichezea simu anauona. Fundi anauona. Ukiandika namba ya siri ndani ya ukurasa wa menyu, ukurasa ukifungwa inapotea. Kama umewahi kutumia mstari mmoja, fungua orodha ya simu zilizopigwa sasa hivi uufute, kisha badilisha namba ya siri.

Huku kwetu akaunti ya simu ina mifuko miwili, wa dola na wa faranga, na menyu inakuuliza unataka upi. Soma hapo polepole. Nimeona mtu akitaka kutuma faranga elfu 50, akajikuta kwenye mfuko wa dola, akaandika 50. Ukurasa wa mwisho, kabla ya namba ya siri, huonyesha jina la mpokeaji, kiasi na aina ya pesa. Usome wote, kwa sauti ndogo ukipenda. Jina likiwa geni, bonyeza kitufe chekundu. Hapo bado hakuna kilichotoka.

Namba ya siri ifiche kwa kiganja cha mkono mwingine, maana skrini haikufichii. Kwenye kabini, geuza mgongo ukutani. Usimpe mwenye kabini simu yako «akusaidie», hata kama ni mimi. Kazi yake ni kukupa namba yake ya ajenti, kubonyeza ni kazi yako.

Sasa tuje kwenye kukatika, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza pesa bila mwizi yeyote. Menyu ya USSD ina muda wake, dakika chache tu, na ukikawia inajifunga. Pia umeme wa SNEL ukikatika, antena nayo inaweza kulegea. Ikikatika kabla hujaandika namba ya siri, pesa haijatoka. Ikikatika baada ya kuituma, muamala unaweza kuwa umeshapita na jibu peke yake ndilo limepotea njiani. Kosa la kawaida ni kurudia papo hapo, kisha unakuta umetuma mara mbili. Subiri dakika tano. Angalia salio kwenye menyu, kisha angalia miamala ya mwisho. Ukikuta haumo kwenye miamala na salio halijapungua, ndipo urudie.

Na salio liangalie kwenye menyu, siyo kwenye SMS. Mtu yeyote anaweza kukuandikia SMS inayofanana na ya kampuni: «Umepokea dola 80», halafu akakupigia akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Kwenye simu ya batani ujumbe wa kweli na wa uongo hukaa pamoja kwenye orodha moja na kutofautisha ni kazi. Menyu inasomwa moja kwa moja kutoka mitambo ya kampuni. Salio lisipoongezeka, hukupokea kitu.

Wengine hawataki namba yako ya siri, wanataka ubonyeze namba wanayokutajia. Mojawapo ni ile inayoanza na nyota, 21, nyota, kisha namba yao ya simu. Ukiibonyeza, simu zako zote zinahamia kwao, pamoja na simu ya banki ikikupigia kukuthibitisha. Kuangalia kama simu zako zimehamishwa, bonyeza ya kwanza hapa chini. Kufuta uhamisho wote, bonyeza ya pili:

```
*#21#
##002#
```

Ukitumia aplikesheni

Kuipata ni kwa Play Store tu, na jina la mtengenezaji chini ya jina la aplikesheni liwe la banki yenyewe. Faili inayotumwa kwa WhatsApp, hata na binamu yako, usiifungue. Banki inaweza kukuandikia jina kamili la aplikesheni kwenye karatasi ukiuliza dirishani, na mimi nashauri uombe hivyo.

Kisha angalia simu yenyewe. Kwenye `Paramètres`, `À propos du téléphone`, kuna mstari wa tarehe ya marekebisho ya usalama. Ikiwa tarehe hiyo ina miaka mitatu au minne, simu hiyo ina matundu yaliyokwisha kujulikana na haitazibwa tena. Kwa simu kama hiyo ningekaa na USSD yenye pini ya laini kuliko aplikesheni. Simu iliyonunuliwa imetumika irudishwe kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuweka chochote cha banki. Muuzaji akisema ameshaifuta, ifute tena mwenyewe.

Fungua pia `Accessibilité`. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa macho au mikono. Programu ikiwa nayo inaweza kusoma skrini na kubonyeza badala yako, na virusi vinavyoiba banki huiomba hiyo kwanza. Kama hutumii msaada wa aina hiyo, orodha ile isiwe na programu yoyote iliyowashwa. Ukikuta mchezo au tochi imo humo, iondoe kwenye simu.

Alama ya kidole ni nzuri kwa sababu hakuna wa kuchungulia. Lakini aplikesheni haijui kidole cha nani. Inauliza simu, na simu inakubali kidole chochote kilichoandikishwa. Kama uliandikisha cha mtoto ili acheze, mtoto huyo anafungua banki. Futa vyote ubaki na vyako. Na ujumbe usionekane kwenye skrini iliyofungwa: ile namba ya tarakimu sita ikionekana hapo, mwizi hahitaji kufungua simu.

Mtu akikupigia akajiita wa banki, akakuomba uweke programu ya «kusaidiwa kwa mbali», kama AnyDesk au TeamViewer, kata. Programu hizo ni halali kwa mafundi, lakini ukimpa mtu namba inayotokea humo, anaona kila unachoandika.

Namna tulivyompangia yaya

Alirudi kwenye simu ya batani, na mimi nilikubaliana naye. Sokoni mikono ina maji ya samaki, betri yake inakaa siku tatu, na simu ya thamani ndogo haimvutii mnyang'anyi sana. Laini ya sokoni ina pini, ina akaunti ya simu, na haiunganishwi na banki. Tulikwenda dirishani tukaomba kwa maandishi muunganiko ukatwe. Kila jioni kinachozidi mahitaji ya siku inayofuata kinahamishwa, kwa hiyo akinyang'anywa tena, kinachoweza kupotea ni mauzo ya siku moja au mbili.

Akaunti ya banki tuliiandikisha kwa laini nyingine ambayo wateja hawaijui, iliyo kwenye simu ya androidi ya nyumbani. Aplikesheni tuliiandikisha palepale mbele ya karani, ili ile nafasi ya jina lake isibaki wazi, na tukaomba kiwango cha chini cha kutuma kwa siku. Laini hiyo ya pili ina hatari yake ndogo: ikikaa miezi bila kutumika, kampuni inaweza kuifuta na namba ikapewa mtu mwingine, pamoja na ujumbe wa banki. Kila mwezi anaitia yunite kidogo na kupiga simu moja.

Namba za siri sasa ni mbili tofauti, na hakuna iliyo mwaka wa mtu kuzaliwa. Kadi ya uchaguzi haikai mkoba mmoja na simu.

Simu ikipotea: anza wapi?

Utaratibu si mmoja, na huu ndio ningependa kila nyumba iubandike ukutani.

Ikiibwa simu ya batani, piga kwanza kampuni ya simu kutoka simu yoyote ya mtandao uleule, laini ifungwe. Laini ikifungwa, USSD imekufa na ile SMS ya tarakimu sita haipokelewi. Kisha banki.

Ikiibwa simu ya androidi yenye aplikesheni, piga banki kwanza. Aplikesheni nyingi, zikishaandikishwa, zinaendelea kufanya kazi kwa Wi-Fi hata laini ikifungwa. Ukifunga laini ukatulia, mwizi anayejua namba yako ya siri bado yumo. Banki ikishafunga aplikesheni, ndipo kampuni ya simu.

Katika hali zote mbili andika saa uliyopiga na jina la aliyekujibu, kwa sababu miamala itakayotoka baada ya saa hiyo ina mabishano tofauti na iliyotoka kabla. Kesho yake uchukue hati ya kupoteza kitambulisho kwenye ofisi ya komini, ndiyo utakayoonyesha ukiomba kadi mpya ya laini ikiwa kadi ya uchaguzi imekwenda pia.

Na kuna wizi usio na mkoba wala kisu: mtu anakwenda na karatasi za uongo kwenye ofisi ya kampuni, anapewa kadi mpya ya namba yako. Dalili yake ni moja. Simu yako inapoteza mtandao ghafla, inaandika `Pas de service` au `Urgences uniquement`. Hapa kwetu antena zinaanguka mara nyingi, kwa hiyo usikimbie kuogopa: muulize jirani mwenye mtandao uleule. Kama naye hana, ni antena. Kama yeye anaongea vizuri na wewe umezima na kuwasha bila mafanikio, ichukulie kwamba laini imehama, na upige banki kwa simu ya huyo jirani wakati bado umesimama mlangoni kwake.